Kifaa cha kusogeza taya kinapoleta taabu: dalili, sababu na marekebisho

Mtu anapolala chali na usingizi ukazama, misuli ya koo hulegea, shina la ulimi hurudi nyuma na kaakaa laini hushuka, hivyo hewa hupita kwa shida penye uwazi mdogo na kuzitikisa nyama laini zilizo kandokando. Mtikisiko huo ndio mkoromo. Uwazi ukibana zaidi, hewa hupungua sana au hukatika kabisa kwa sekunde 10 au zaidi, mpaka mwili ushtuke na kuvuta pumzi. Wanaopima usingizi huhesabu vipindi hivyo kwa kila saa: kuanzia 5 hadi 14 ni hali hafifu, 15 hadi 29 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali.

Kifaa tunachokizungumzia hapa ni vibao viwili vya plastiki ngumu, kimoja huvaliwa juu ya meno ya juu na kingine juu ya meno ya chini, vikiunganishwa kwa skrubu mbili za pembeni zinazolishikilia taya la chini likae mbele kidogo kuliko kawaida yake. Kwa kuwa ulimi umefungwa kwenye mfupa wa taya hilo kwa mbele, taya likienda mbele ulimi nao huenda, na njia ya hewa hupanuka. Kwa mkoromo na kwa hali hafifu hufaa sana. Kwa hali kali, mashine ya kusukuma hewa puani ndiyo yenye nguvu zaidi, na kifaa hutumiwa pale ambapo mtu ameshindwa kabisa kuivumilia mashine hiyo.

Jambo moja huwa halielezwi vya kutosha siku ya kukabidhi kifaa, nalo ndilo mzizi wa malalamiko mengi ninayoyapokea hapa Pemba. Misuli ya taya hailali. Usiku kucha hujaribu kulirudisha taya nyuma, na kwa kuwa kifaa kimelizuia, nguvu yote hiyo hubebwa na meno: meno ya juu husukumwa kwenda nyuma, na ya chini husukumwa kwenda mbele. Kila mzunguko wa skrubu unaoongezwa huongeza mzigo huo.

Asubuhi meno ya nyuma hayakutani

Mgonjwa huamka, akavua kifaa, akafunga mdomo na kuhisi kwamba meno ya mbele yanagongana ilhali magego yanaelea. Sababu ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, haina uhusiano na meno. Misuli inayolipeleka taya mbele imekaa katika hali ya kufupika kwa saa saba au nane, nayo inahitaji muda kulegea. Kwa watu wengi taya hurudi mahali pake ndani ya nusu saa, na kwa wengine huchukua saa moja au zaidi kidogo. Sababu ya pili ni kwamba taya limesogezwa mbele mno, au limesogezwa upande mmoja kuliko mwingine. Ya tatu, ambayo huja polepole kwa miezi na miaka, ni kwamba meno yenyewe yamehama.

Njia ya kuzitofautisha haihitaji chombo chochote cha hospitali. Kata kipande cha karatasi nyembamba, upana wa kidole kidogo, kama ile inayofungiwa ndani ya pakiti ya majani ya chai. Jioni, kabla ya kuvaa kifaa, kiweke kati ya magego ya kulia, uma bila kukaza, kisha ukivute taratibu. Kikishikwa, meno yanakutana. Kikitoka bila kukwama, hayakutani. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, uandike. Asubuhi rudia mara tu baada ya kuvua kifaa, kisha baada ya nusu saa, na tena baada ya saa mbili. Ikiwa karatasi inashikwa pande zote mbili kabla ya saa mbili kupita, tatizo ni la misuli. Ikiwa mpaka adhuhuri bado inateleza, skrubu imepita kiasi. Ikiwa hata jioni kabla ya kuvaa inateleza, meno yamekwishaanza kuhama, na hapo kazi ya nyumbani imekwisha. Mwone daktari aliyekutengenezea kifaa.

Dawa ya tatizo la misuli ni kulirudisha taya kwa makusudi kila asubuhi. Daktari hutengeneza kibao kidogo cha nta ngumu au cha akriliki, yaani plastiki ngumu, chenye alama za meno yako yanavyokutana kwa kawaida. Unapovua kifaa, unakiuma kibao hicho kwa magego, pole pole na bila kukaza, kwa dakika tano hadi kumi, mpaka meno yatulie katika mashimo yake. Asiye na kibao hicho anaweza kutafuna bigijii isiyo na sukari kwa magego ya pande zote mbili. Mwenye kuacha zoezi hili kwa kuwa taya "hurudi lenyewe" huenda asione madhara mwaka wa kwanza, lakini taya lililozoea kukaa mbele mpaka mchana huyapa meno ya nyuma nafasi ya kutokutana.

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna makosa karibu yote. Mgonjwa alikuwa mtu wa miaka 54 kutoka Wete, mwenye kununua na kukausha karafuu. Alikuwa amepimwa usingizi Dar es Salaam na kukutwa na vipindi 11 kwa saa. Nilipompima, aliweza kulitoa taya lake mbele kwa milimita 10, na meno yake ya juu yalitangulia ya chini kwa milimita 4. Tukaanza na milimita 5, yaani nusu ya uwezo wake, tukiongeza nusu milimita kila wiki. Skrubu yake ilisogeza robo milimita kwa kila mzunguko, kwa hiyo alizungusha mara mbili kila upande. Aina nyingine zina hesabu zake, na ni lazima uijue ya kifaa chako kabla ya kugusa ufunguo. Baada ya wiki tatu alifika milimita 6.5, na mkewe akasema nyumba imetulia. Tukasimama hapo.

Alirudi baada ya miezi minane, uso umekunjika.

"Daktari, kukoroma kulirudi nikakuzima mwenyewe. Lakini sasa boflo silitafuni mpaka jua liwe juu."

"Ulizungusha mara ngapi, Sheikh?"

"Kulia kumi. Kushoto sikumbuki, ufunguo ulikuwa unateleza."

Nilipozihesabu, upande wa kulia ulikuwa umefika milimita 9 na wa kushoto 8. Taya lilikuwa limevutwa karibu na mwisho wa uwezo wake na, juu ya hayo, limepindishwa kuelekea kushoto. Jaribio la karatasi lilionesha kwamba kulia hakukushikwa hata saa sita mchana, ilhali kushoto kulishikwa saa nne. Nikamtaka alale bila kifaa kwa siku nne, kwa ubavu, mkewe akimsikiliza. Asubuhi ya tano karatasi ilishikwa kushoto, na kulia ikashikwa kwa gego la pili tu. Nikatoa vile vielelezo vya plasta vya meno yake nilivyovichukua kabla hajavaa kifaa hata siku moja, nikavilinganisha na vipya. Meno ya juu ya mbele yalikuwa yametangulia ya chini kwa milimita 3.5, si 4 tena. Nusu milimita ilikuwa imekwenda, nayo haikurudi.

Mabadiliko ya aina hiyo hayashangazi. Kwa anayevaa kifaa miaka mingi, meno ya juu ya mbele huinama nyuma kidogo na ya chini huinama mbele, tofauti kati yao hupungua, na baadhi ya magego huacha kukutana. Wagonjwa wengi hawatambui mpaka waoneshwe. Mwenye meno ya juu yaliyotangulia sana huenda hata akafurahia sura yake mpya, ilhali mwenye meno ya mbele yanayokutana ncha kwa ncha huweza kujikuta ya chini yamepita mbele ya ya juu katika muda usio mrefu. Kuacha kifaa baadaye si lazima kuyarudishe meno yalikokuwa. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kipimo kizuri cha skrubu ni kile kidogo kabisa kinachotosha kuzuia mkoromo na kukatika kwa pumzi, wala si kile kikubwa ambacho taya linaweza kukivumilia.

Kwa wenye simu, na nani hana leo, piga picha tatu kabla ya kuanza: mbele, kulia na kushoto, meno yakiwa yamefungwa na midomo imevutwa. Rudia kila miezi sita mahali pale pale penye mwanga. Daktari atakushukuru kwa picha hizo kuliko kwa maelezo ya nusu saa.

Mkoromo haujapungua, au umerudi

Watu wengi hudhani kwamba taya halijasogezwa vya kutosha, nao hukimbilia ufunguo. Katika miezi miwili ya kwanza huenda ikawa kweli, kwa sababu kipimo bado kinatafutwa. Mkoromo uliokwisha kisha ukarudi ni jambo jingine, na mara nyingi sababu yake iko nje ya kifaa.

Anza na pua. Funga tundu moja kwa kidole, vuta pumzi kwa jingine, kisha badilisha. Pua iliyoziba humlazimisha mtu kufungua mdomo usingizini, na mdomo ukifunguka taya huzunguka kwenda chini na nyuma, hata kama skrubu haijagusika. Ndivyo ilivyomkuta yule bwana wa Wete: mkoromo wake ulirudi katikati ya msimu wa kuanika karafuu, alipokuwa akishinda kwenye vumbi la majamvi, na pua zake zote mbili zilikuwa zimevimba ndani. Wiki tatu za dawa ya pua aliyopewa na daktari, pamoja na kitambaa usoni wakati wa kazi, zilifanya bila kuyagusa meno kile ambacho mizunguko kumi ya skrubu ilikifanya kwa kuyahamisha.

Pua ikiwa safi, tazama namna ya kulala. Kifaa kinachotosha kwa ubavu huenda kisitoshe kwa chali. Kisha uzito: kilo chache zilizoongezeka shingoni na shina la ulimi hubadilisha hesabu. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mafua zinazoleta kusinzia, na pombe kwa wanywao, hulegeza koo kupita kiasi ambacho kifaa kinaweza kukikabili. Mwisho tazama kifaa chenyewe: vaa vibao, ujaribu kwa ulimi kuking'oa cha juu. Kikitoka kwa urahisi, kimelegea na hakilishiki taya.

Ramadhani ina shida yake. Usingizi hukatwa na daku, na wengi wakishakula hurudi kulala bila kifaa, wakidhani usiku umekwisha. Kwa kawaida sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto huwa katika saa za mwisho, na huo ndio usingizi ambao misuli hulegea zaidi na pumzi hukatika zaidi. Baada ya daku, sukutua, piga mswaki, hasa ukiwa umekula tende au kitu cha sukari, kisha kivae tena. Sukari iliyobanwa chini ya plastiki, mahali ambapo mate hayafiki, hutoboa meno haraka kuliko sukari ile ile mdomoni mtupu. Swali la saumu mpelekee sheikh wako. Langu ni meno.

Ukiwa umepitia yote hayo na mkoromo bado upo, ongezeko linaweza kufikiriwa: nusu milimita, pande zote mbili kwa idadi ile ile ya mizunguko, kisha usubiri wiki nzima kabla ya kuhukumu. Usiongeze wakati taya linauma. Na kifaa kilichonunuliwa tayari, kile cha kulainishwa kwa maji ya moto na kuumwa, hakina nafasi ya marekebisho haya madogo. Kikishindwa, usihitimishe kwamba vifaa vyote vimeshindwa.

Maumivu

Swali la kwanza ni wapi, na la pili ni kwa muda gani.

Meno mengi ya mbele yanapouma kidogo kwa wiki ya kwanza au ya pili, na maumivu yakaisha kabla ya chakula cha mchana, huo ni mzigo mpya na kwa kawaida huzoeleka. Jino moja likiuma peke yake, kifaa kinalibana. Tazama kwenye kioo kama kibao kinakaa sawa au kimeinuka upande mmoja. Huenda jino lilizibwa karibuni na umbo lake limebadilika. Usikikwangue kwa kisu wala kwa jiwe. Daktari hupaka wino maalumu, akaona pale panapogusa na kupapunguza kwa dakika chache.

Hapa kwetu jino likiuma mkono hukimbilia mafuta ya karafuu. Yakiwa makali bila kuchanganywa huunguza fizi, na yakifungiwa chini ya kibao usiku kucha huunguza zaidi. Tena yanaweza kuilainisha akriliki na kuiharibu. Usiyapake kisha ukavaa kifaa.

Maumivu ya mbele ya sikio, kwenye kiungo cha taya, yanastahili uangalifu zaidi. Weka vidole hapo, fungua na ufunge mdomo. Uzito mdogo wa asubuhi unaoisha ndani ya saa moja si wa kutisha: rudisha skrubu nyuma nusu milimita kila upande, kanda mashavu kwa kitambaa chenye uvuguvugu, na kula vyakula laini kwa siku mbili tatu. Maumivu yakidumu zaidi ya wiki moja baada ya kurudisha, acha kuzungusha na umwone daktari.

Acha kukivaa na utafute daktari wa meno bila kungoja ikiwa mdomo haufunguki hata kuingiza vidole viwili, taya limekwama wazi au limefungwa, jino linatikisika ambalo halikuwa likitikisika, au fizi imevimba na kutoa usaha. Midomo au uso ukivimba baada ya kuvaa kifaa kipya, huenda mwili umekataa plastiki. Na pumzi ikiwa nzito pamoja na uvimbe huo, nenda hospitali usiku huo huo.

Mate, ukavu na kifaa kukutwa kwenye mto

Mate mengi ya wiki mbili za mwanzo hupungua yenyewe. Ukavu wa mdomo maana yake midomo haifungi, ama kwa pua iliyoziba, ama kwa kifaa kilichoinua meno mno. Daktari anaweza kuongeza mipira midogo ya kuunganisha vibao ili mdomo usifunguke. Kifaa kinachokutwa kwenye mto aghalabu kimepinda kwa joto: kimeoshwa kwa maji ya moto, au kimeachwa dirishani au ndani ya gari wakati wa kaskazi. Kioshe kwa maji baridi, sabuni laini na mswaki wake peke yake, bila dawa ya meno ambayo hukikwaruza, kikaushe, ukiweke katika kisanduku chenye matundu. Kilichopinda hakinyooshwi nyumbani.

Mkoromo umekwisha, usingizi wa mchana haujaisha

Dalili hii haina kelele, nayo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Sauti ikitoweka, mke hulala na mume huamini amepona, lakini kifaa kinaweza kuondoa mtikisiko bila kuondoa kukatika kwa pumzi. Jiulize kama unasinzia kwenye hotuba ya Ijumaa, kwenye daladala, au ukiwa umeshika usukani kati ya Chake Chake na Mkoani. Mwombe mwenzako akusikilize usiku wa manane, si mkoromo, bali kimya kirefu kinachofuatwa na mvuto wa ghafla wa hewa. Angalia pia kama shinikizo la damu limekataa kushuka kwa dawa, au kama unaamka na kichwa kizito kila siku.

Likiwapo lolote katika hayo, usiguse skrubu na usiache kifaa ghafla. Usiendeshe chombo ukiwa na usingizi, na umrudie daktari aliyekuandikia kipimo, kwa sababu jibu halipatikani ila kwa kupimwa usingizi tena huku kifaa kikiwa mdomoni. Yule bwana wa Wete nilimrudisha kwenye milimita 6.5 pande zote mbili, pua ikiwa imefunguka, na kibao cha asubuhi akakiuma dakika kumi kila siku baada ya sala ya alfajiri. Alipopimwa tena akiwa amekivaa alikuwa na vipindi 4 kwa saa. Karatasi hushikwa kushoto ndani ya nusu saa. Kulia hushikwa kwa gego la pili na la kwanza, na lile la tatu bado halijagusa.